Uzamivu kuhusu watoto kuhamia sekondari: ufuate wengi kwa dodoso, ukae na wachache, au uende siku moja umalize?

Kuna swali nakutana nalo karibu kila mwaka kwa watu wanaoanza uzamivu upande wa elimu: nataka kusoma watoto wanavyozoea sekondari wakitoka shule ya msingi, sasa nifanyeje, nigawe madodoso kwa watoto wengi niwe narudi tena na tena, nichague wachache nikae nao kwa karibu, au niende mara moja tu nichukue darasa la mwisho la msingi na darasa la kwanza la sekondari nilinganishe nimalize? Njia zote tatu zipo na zote watu wamepatia shahada, ila hazijibu swali moja na hazili muda sawa, na anayekosea kuchagua anakuja kugundua mwaka wa tatu wakati hela ishakata na supavaiza anauliza sura ya nne iko wapi. Mimi nilienda na ya kwanza, nikajuta katikati ya safari, nikaokolewa na ya pili. Kwa hiyo msishangae nikiegemea mahali.

Kwa urahisi nitaziita paneli (watoto wengi, haohao, unarudi), wachache (kumi na kitu, unakaa nao), na picha moja (siku moja, madarasa mawili).

Kwanza, unaposema "kuzoea" unamaanisha nini

Hapa ndo wengi wanapita haraka halafu wanaumia. Mtoto anaweza kuwa na marafiki watano wapya wiki ya tatu, anacheka, anaimba kwenye basi, na wakati huohuo hesabu zinamshinda na hajui amuulize nani kwa sababu sasa ana walimu tisa na hakuna hata mmoja anayemjua jina. Mwingine yuko vizuri darasani lakini mapumziko anazunguka peke yake akijifanya anatafuta kitu. Yupi kazoea? Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, ulioanza 1975 na unaojulikana kwa jina la ORACLE, watafiti walikaa madarasani wakiangalia watoto dakika kwa dakika, kisha wakawafuata baadhi yao mpaka shule walizohamia, na moja ya mambo waliyoyaona ni kwamba wapo watoto ambao mwisho wa mwaka wa kwanza kwenye shule mpya walifanya mtihani vibaya kuliko walivyofanya kabla ya kuhama. Yaani hawakusimama tu, walirudi nyuma. Na mtoto wa namna hiyo ukimuuliza kuhusu marafiki anaweza kukwambia mambo safi.

Kwa hiyo ukiandika kwenye proposo "kuzoea" bila kusema kuzoea nini, umeshaacha mlango wazi. Mimi nawashauri watu wachague kitu kimoja cha kupima kwa uzito (mfano mtoto anavyojiona ni mmoja wa shule ile) na kingine kimoja cha kuangalia pembeni. Ukibeba vyote vitatu vinne dodoso linakuwa refu, mtoto akifika swali la arobaini anaanza kuchora maua pembezoni.

Picha moja: rahisi, na inadanganya kwa njia mbili

Hii siichelewi. Unaenda muhula mmoja, darasa la mwisho la msingi na la kwanza la sekondari wanajaza dodoso lilelile, unalinganisha wastani. Uzuri wake ni muda: miezi miwili data yote mkononi, hakuna mtoto wa kumtafuta.

Uongo wa kwanza: hao wa sekondari sio haohao wa msingi wakiwa wakubwa. Popote ambapo watoto wanachujwa kwa mtihani, au wengine wanaacha shule kabla ya kuendelea, darasa la sekondari limeshapoteza waliokuwa na hali ngumu. Unaweza kukuta wa sekondari wana alama nzuri kuliko wa msingi ukasema "kuhama kunawajenga", kumbe waliokuwa wanavuta wastani chini hawapo tu chumbani. Uongo wa pili: wa sekondari wana mwaka mmoja zaidi, na balehe inakuja na mambo yake hata mtoto asipohama shule. Hilo la umri paneli nayo haikutoi, usije ukadhani. Dawa yake ni kupata watoto wa umri uleule ambao hawajahama, wale wa shule zinazoendelea moja kwa moja bila kubadilisha jengo wala walimu. Utafiti mmoja mkubwa wa Milwaukee, Marekani, miaka ya 1970 ulifanya hivyo: ulilinganisha watoto waliohamia shule nyingine wakifika darasa la saba na wenzao waliobaki palepale mpaka la nane, na ndipo ikaonekana kwamba wasichana waliohama ndio walioshuka namna wanavyojithamini, wakati wenzao waliobaki hawakushuka vile. Bila hilo kundi la pili ungesema tu ni umri.

Picha moja naipendekeza kwa kazi ya shahada ya pili, au kama jaribio la kupima dodoso lako kabla ya kuanza kazi kamili. Kwa uzamivu peke yake inakuwa nyembamba, mtahini akiuliza "unajuaje walibadilika?" huna jibu.

Paneli: nguvu yake ni watoto haohao, ugonjwa wake ni watoto kupotea

Tuchukue mfano tuutembeze mpaka mwisho, namba ni za mfano ila maumbile yake ndo haya haya utakayokutana nayo. Tuseme umeingia shule sita za msingi, darasa la mwisho, watoto 240. Unapeleka fomu za wazazi, zinarudi zimesainiwa 190. Hizo 50 zilizobaki nyingi sio kwamba mzazi kakataa, fomu iko chini ya begi imelowa. Unagawa dodoso la awamu ya kwanza.

Shule zinafungwa, zinafunguliwa, na hapo ndo utajua kwamba watoto wa shule sita hawaendi shule sita. Wanatawanyika. Kwenye mfano wetu wale 190 wameenda sekondari 23: nane zimechukua wengi, na kumi na tano zilizobaki zina mtoto mmoja mmoja au wawili. Kila sekondari ina mkuu wake, barua yake, na siku yake ya "njoo wiki ijayo". Unaamua kuzifuata zile nane tu. Awamu ya pili unapata watoto 141, ya tatu 118, ya nne, mwanzoni mwa mwaka wa pili wa sekondari, wamebaki 97.

Sasa 97 inaonekana kidogo, lakini hebu tuone. Dodoso lina mtawanyiko wa alama 10, na alama za mtoto wa leo zinahusiana na za mwakani kwa 0.6 hivi. Kwa sababu unamlinganisha mtoto na yeye mwenyewe, mtawanyiko wa mabadiliko unakuwa kama 8.9, na kwa watoto 97 makadirio yako ya mabadiliko ya wastani yanacheza ndani ya alama 1.8 juu au chini. Ukitaka usahihi uleule kwa picha moja unahitaji watoto kama 242 kila upande, jumla 484. Yaani wale 97 waliobaki, kwa hilo la wastani, wanafanya kazi ya watoto karibu 500. Hiyo ndo sababu watu wanavumilia mateso ya paneli.

Ila angalia waliopotea. Kwenye mfano, awamu ya kwanza hawa 97 walikuwa na wastani wa 52, na wale 93 waliokuja kupotea walikuwa na 47. Wote pamoja 190 wastani wao ni kama 49.6. Awamu ya nne hao 97 wana 49. Mtu mvivu anachora grafu ya wastani wa kila awamu: 49.6 mwanzo, 49 mwisho, anaandika "hakuna mabadiliko makubwa". Kumbe watoto haohao wameshuka kutoka 52 mpaka 49, alama tatu, ambayo ni zaidi ya ule mchezo wa 1.8. Kushuka kote kumefichwa na watoto waliotoka mlangoni. Nimeona grafu ya namna hii kwenye rasimu ya mtu na ilibaki kidogo tu iende kwa mtahini.

Kwa hiyo kila awamu ikifika, kabla hujagusa kitu kingine, chukua alama za awamu ya kwanza ulinganishe waliobaki na waliopotea. Tofauti ikiwa ndogo, shukuru. Ikiwa kubwa kama hiyo ya 52 na 47, usijifiche, iandike, na ujue kwamba pengine waliozoea vibaya zaidi ndo haohao huna. Kumtafuta mtoto mmoja aliyeenda shule ya peke yake kuna thamani kuliko kuongeza wengine kumi wa shule kubwa.

Halafu kuna la msimbo. Ili dodoso lisiwe na jina la mtoto, wengi tunatumia msimbo anaoutunga mwenyewe: herufi ya kwanza ya jina la mama, tarehe aliyozaliwa, idadi ya kaka na dada wakubwa. Inasikika vizuri sana kwenye kikao cha maadili. Mimi nilifanya hivyo na awamu ya pili nikakaa sakafuni na marundo mawili ya karatasi nisiamini. Mtoto awamu ya kwanza kaandika mama M, ya pili kaandika R kwa sababu safari hii kaandika jina ambalo watu wanamwita. Mwingine ndugu wakubwa walikuwa wawili, sasa watano, kahesabu na watoto wa shangazi wanaokaa nao. Nilipoteza watoto ambao walikuwa wamekaa mbele yangu darasani! Ukiniuliza nitakwambia orodha ya namba inayofungiwa kabatini, mbali na madodoso, ni salama na inafanya kazi, mradi kamati ya maadili imekubali na wazazi wameambiwa. Msimbo wa kujitungia uache kwa tafiti ambazo hutarudi mara nne.

Kuhusu uchambuzi nisizame sana, ila kitu kimoja. Watu wanasoma kwamba watoto wako ndani ya shule, wanaweka shule kwenye modeli, basi. Shule ipi? Hawa wana mbili, walikotoka na walikoenda, na hazipangani moja ndani ya nyingine, zinakatizana. Kwenye R ni hivi:

```
lme4::lmer(alama ~ muda + (1 + muda | mtoto) + (1 | msingi) + (1 | sekondari), data = d)
```

Na tahadhari: kwa shule sita na nane, makadirio ya tofauti kati ya shule yanayumba sana, kwa hiyo usije ukaandika sura nzima kwamba "sekondari inachangia asilimia kadhaa ya mabadiliko". Watoto unao wa kutosha, shule huna.

Dodoso lenyewe nalo linaweza kukuuza

Hili liko ndani ya paneli lakini nalitenga kwa sababu ndo kosa langu kubwa. Kuna dodoso linaitwa SDQ, lilitoka 1997, maswali 25 kuhusu hisia, tabia, utulivu, wenzake na wema kwa watu, linatumika dunia nzima na mtoto wa miaka 11 kwenda juu anaweza kujijazia mwenyewe. Nikalitumia awamu ya pili, wiki ya sita ya sekondari. Alama hazikutikisika kabisa. Nikafurahi, watoto wako salama. Mpaka siku moja nasoma tena maelezo ya juu ya karatasi: jibu kulingana na ilivyokuwa miezi sita iliyopita. Wiki sita za sekondari ndani ya miezi sita! Muda mwingi mtoto alikuwa ananijibu kuhusu shule ya msingi na likizo. Kuna toleo la kufuatilia linalouliza mwezi uliopita, na hilo ndo nilipaswa kufikiria tangu mwanzo, na kulitumia kwa mpango mmoja awamu zote, sio kubadilisha katikati.

Vilevile madodoso ya kujihisi mmoja wa shule, kama lile la PSSM la 1993 lenye maswali 18, yanauliza kuhusu "shule hii". Awamu ya kwanza shule hii ni ile aliyokaa miaka, anajua mpaka mlango upi unabana. Awamu ya pili shule hii ni nyingine. Alama ikishuka, je mtoto kabadilika au shule ndo imebadilika? Kwa mada hii jibu ni kwamba hilo ndo swali lenyewe, sawa, lakini uliandike hivyo, "mtoto anavyoiona shule aliyopo", usiseme hali ya mtoto imeshuka. Na mtoto aliyekuwa mkubwa kuliko wote shule ya msingi, anayepigia wadogo kengele, leo ndo mdogo kuliko wote, kipimo chake cha "naheshimiwa hapa" kimehama chini ya miguu yake.

Na muda wa kwenda. Wiki mbili tatu za mwanzo ni fungate: sare mpya, daftari jipya, kila kitu kinang'aa, na wenye hofu nao wameona kwamba zile hadithi za kutisha walizosimuliwa hazijatokea. Ukipima hapo utasema wote wamezoea. Mimi ningepima muhula wa mwisho wa msingi, kisha wiki ya nane au ya tisa ya sekondari, kisha mwisho wa mwaka wa kwanza, na kama muda upo mwanzo wa mwaka wa pili. Ukiwa na awamu mbili tu unapata tofauti, huoni njia iliyopitiwa. Aliyeshuka akarudi na ambaye hakushuka kabisa wataonekana mapacha.

Wachache: unaona kile ambacho dodoso halina swali lake

Baada ya kuharibikiwa nikaongeza watoto 12, na hapa ndo nilianza kuelewa data yangu. Mmoja, mvulana mpole, intavyuu tatu mfululizo ananiambia "niko poa tu". Dodoso lake nalo lilikuwa poa. Safari ya nne sikumuuliza kitu, nikampa karatasi nikamwambia nichoree shule yako, weka unapopita kuanzia asubuhi mpaka kutoka. Akachora geti, darasa, uwanja, akachora mstari unazunguka nyuma ya majengo yote kwa nje mpaka maktaba. Njia ndefu mara tatu. Nikauliza kwa nini hupiti katikati hapa? Akasema "hapo wanakaa wakubwa". Kimya. Kisha: "na choo kiko hapo." Mtoto alikuwa hanywi maji shuleni toka mwezi wa kwanza ili asiende chooni. Hakuna swali kati ya yale 25 lingenipa hilo, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuwa anadanganya, alikuwa kweli poa maana alishapata njia yake ya nyuma.

Basi ukiamua njia hii, gharama zake ziko hivi. Watoto 12 mara tano ni intavyuu 60. Kila moja dakika 35, ni saa 35 za sauti. Kuandika neno kwa neno, saa moja ya sauti inakula saa tano sita za kuandika, watoto wanaongea kwa kunong'ona na kengele inagonga katikati, kwa hiyo hesabu saa 200 hivi kabla hujaanza kuchambua. Anza na 16 ukitaka kumaliza na 12. Na usimwachie mwalimu akuchagulie, atakuletea wale wanaojieleza vizuri, ambao ndo wazoefu tayari. Mwambie unataka na yule ambaye akikosekana darasani inachukua mpaka saa nne kugundulika.

Mipaka yake sasa. Kumi na mbili hawakuambii ni wangapi. Yule wa njia ya nyuma yuko peke yake au wako thelathini? Hujui. Pili, wewe mwenyewe unaharibu kipimo: mtu mzima anayekuja kila wiki sita, anakaa na mtoto, anamsikiliza, anakumbuka jina la rafiki yake, huyo ni msaada wa kuzoea. Mtoto wa tano kwenye kundi langu alisema wazi "wewe ndo mtu pekee unayeniuliza". Nikaiandika kwenye tasnifu hivyo hivyo, sikuwa na la kufanya. Tatu, yatatoka mambo. Mtoto akikwambia anapigwa, huwezi kuandika tu kwenye daftari ukaondoka, na ahadi ya siri unayompa siku ya kwanza lazima iwe na hilo ndani yake: nitatunza unayoniambia, isipokuwa nikiona uko hatarini, hapo nitamwambia mtu, na nitakwambia wewe kwanza. Kamati ya maadili itauliza ni nani huyo mtu, kwa jina la cheo, kila shule. Kuwa nalo.

Kwa hiyo ipi? Angalia kalenda kabla ya kuangalia nadharia

Watu wanachagua kwa falsafa, mimi ni namba mimi ni simulizi. Kwa mada hii kinachochagua ni tarehe. Muhula wa mwisho wa shule ya msingi unakuja mara moja kwa mwaka na ukikupita, hao watoto hutawapata tena wakiwa upande ule. Tuseme mwaka wako wa uzamivu na mwaka wa shule vinaanza pamoja. Muhula huo unaanguka mwezi wa 9 mpaka wa 11 wa safari yako. Kibali cha maadili na barua za shule ukivianza mwezi wa 3 na proposo ikiwa bado mbichi, unaweza kuwahi. Ukiwahi, awamu ya pili ni mwezi wa 15, ya tatu mwezi wa 23, ya nne mwezi wa 26, na una miezi kumi ya kuandika kwa mpango wa miaka mitatu. Inabana ila inaingia. Usipowahi, dirisha linalofuata ni mwezi wa 21, awamu ya tatu inaangukia mwezi wa 35, na hapo unaomba nyongeza kabla hujachambua hata mstari.

Kwa hiyo ukiwa na kibali mkononi mwezi wa 8, nenda paneli, awamu tatu au nne, na ndani yake chomoa watoto kumi na mbili wa kukaa nao. Hiyo ndo ningefanya ningeanza upya. Angalizo tu kwenye kuwachomoa: ukisubiri awamu ya pili ukachagua walioshuka kuliko wote, wengi wao watapanda awamu ya tatu hata usipofanya kitu, kwa sababu sehemu ya kule kushuka ilikuwa siku mbaya tu, mtoto alikuwa na njaa au mafua. Utasimulia "walivyoinuka" wakati wamerudi tu mahali pao. Chagua mchanganyiko, walioshuka, waliotulia, na waliopanda, au wachague kabla hawajahama.

Ukiwa mwezi wa 8 kibali bado kiko kwenye meza ya mtu, acha kabisa wazo la paneli yenye awamu ya msingi, na usijaribu kuikwepa kwa kuwauliza watoto wakiwa sekondari "mwaka jana ulijisikiaje shule ya msingi". Mtoto anayeteseka sasa anakumbuka msingi ilikuwa peponi, na aliyefurahi anaikumbuka ya kitoto, kwa hiyo unapima leo mara mbili. Nenda na wachache, waanze siku ya kwanza wanapoingia geti la sekondari, wiki ya kwanza, ya sita, ya kumi na mbili, mwisho wa mwaka, mwanzo wa mwaka wa pili. Kichwa cha tasnifu kibadilike kutoka "mabadiliko ya watoto wanapohama" kuwa "mwaka wa kwanza ndani ya sekondari kwa macho ya watoto 12". Supavaiza wangu alinuna niliposema hivyo kuhusu mwanafunzi mwingine, akasema ni mada ndogo. Yule mwanafunzi alimaliza mwezi wa 38, mimi wa 51.